Kituo Kinachoboreshwa

Eliakim Omariba alikuwa ameandika neno "bora" mara nyingi kuliko mtu yeyote kati ya Chepseon na Kericho mjini, na hata siku moja hakuwahi kujiuliza: bora kuliko nini? Alikuwa mchoraji wa mabango. Bucha Bora, Kinyozi Bora, Chakula Bora cha Ng'ombe, zote zilikuwa kazi ya mkono wake. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai ya kampuni, akajinyima mpaka akanunua robo ekari kijijini Kipsolu, katikati ya Wakipsigis, na mwanawe akakulia hapo akiongea lugha tatu na kuandika kwa moja.

Kazi hiyo ilikuwa imemwonyesha mengi, ila alikuwa anaona na kunyamaza. Duka moja la nguo lilitaka ukutani "Punguzo la hadi nusu bei", na mwenye duka akamwomba kwa upole neno "hadi" aliandike dogo. Eliakim aliliandika dogo mpaka nzi akitua juu yake linafunikwa lote. Waliokimbilia nusu bei walikuta nusu bei ni ya soksi. Kampuni ya sabuni ikamletea tangazo kwamba sabuni yao "inasaidia kuondoa madoa", naye akapaka, akijua fika kwamba anayeondoa madoa ni mama aliyeinama kwenye beseni, na sabuni inasaidia kama vile maji yanavyosaidia. Wakati wa kampeni, wagombea wawili wa kiti cha wadi walimpa kazi wiki moja, mmoja ukuta wa mbele wa posho mill, kinu cha kusaga unga, mwingine ukuta wa nyuma. Wote wawili walitaka maneno yaleyale, "Chaguo la Wananchi". Alitumia karatasi moja kunakili kote kuwili.

Mtu akimuuliza, alisema yeye ni brashi tu. Brashi haina maoni. Alilipenda jibu hilo, kwa sababu lilimwezesha kulala.

Sasa, mkewe Jerusa ndiye aliyekuwa mkulima wa nyumba ile. Ile robo ekari ya chai ilikuwa yake kwa mikono na kwa mgongo, na mwaka wa tatu sasa nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu tangu alipoteleza shambani wakati wa mvua. Kuchuma aliweza, kwa sababu akichuma husimama. Kubeba ndiko kulikomshinda. Bahati yake ni kwamba kituo cha kununulia majani, kibanda chenye mabati na mizani, kilikuwa karibu na ua wao. Jerusa alibeba kikapu chake, akapumzika mara moja kwenye jiwe, akafika. Kituo kingekuwa mbali zaidi ya hapo, chai yake ingebaki kichakani ikizeeka, na yeye angebaki nyumbani akiiangalia.

Jumanne moja akaja Noah, afisa wa uhusiano wa kiwanda, kijana msafi mwenye viatu ambavyo havikuwa vimeshauriana na tope la Kipsolu. Alitoa karatasi iliyopigwa chapa, akamwambia Eliakim aiandike kwenye ukuta wa kituo, herufi kubwa, rangi ya kijani. Ilisema hivi:

MKUTANO WA WADAU. JE, UNAUNGA MKONO KUBORESHWA KWA HUDUMA KUPITIA KUUNGANISHWA KWA VITUO? NDIYO / HAPANA.

Eliakim alipaka asubuhi nzima. Mchoraji husoma neno polepole kuliko msomaji yeyote, maana humlazimu kukaa na kila herufi mpaka ikauke, na alipofika kwenye "kuunganishwa" akashusha brashi. Kuunganishwa na nani? Kituo gani na kituo gani? Vituo viwili vikiunganishwa, mizani inabaki wapi? Alimuuliza Noah, ambaye alikuwa amesimama pembeni akifuta kiatu kwa jani la chai. Noah akajibu kwamba Kipsolu itaunganishwa na Chemaroi.

"Na mizani itakuwa wapi?"

"Huduma zitapatikana Chemaroi."

Chemaroi ilikuwa kilomita nne, chini hadi mtoni na juu tena. Eliakim alilitazama swali lake la kijani. Hakukuwa na uongo hata herufi moja. Hakukuwa pia na mtu yeyote ndani yake: hakuna aliyefunga, hakuna aliyehamisha, hakuna atakayebeba. Mambo yalikuwa yanajifanya yenyewe. Akakumbuka kwamba yeye ni brashi tu, akamaliza alama ya kuuliza, akaenda nyumbani.

Alimkuta Jerusa amechangamka. Alikuwa ameusoma ukuta akirudi kutoka dukani na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Hatimaye kiwanda kimewakumbuka, alisema. Labda wataweka choo. Labda wataongeza mabati pale wanapopanga foleni, maana mvua imewapiga miaka kumi. Yeye atapiga ndiyo, na Molly dada yake wa Chemaroi amempigia simu kumwambia hata kwao wote ni ndiyo. Nani atakataa kuboreshwa?

Eliakim aliaibika. Alimweleza ukweli, polepole, akiangalia chini. Jerusa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeandika. Akajibiwa. Akauliza kama mwandishi alijua. Akajibiwa pia. Akaingia jikoni.

Saa moja jioni Eliakim aliketi mezani akisubiri ugali na chinsaga, mboga ambayo harufu yake ilikuwa imejaa nyumba nzima. Jerusa alikula taratibu, akaosha sahani yake moja, akaifunika sufuria iliyokuwa tupu.

"Na mimi?" Eliakim akauliza.

"Baba Maxine, chakula yako nimeiboresha," Jerusa akasema. "Imeunganishwa na ya kina Molly. Huduma inapatikana Chemaroi."

Alidhani ni mzaha. Asubuhi chai ya kunywa nayo ilikuwa imeunganishwa. Mchana vilevile. Mwanamke hakuwa amenuna hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha. Alimjibu kwa adabu zote za ofisi: kwamba hajanyimwa chakula, bali mpango mpya unalenga kumpa mlo wa kiwango cha juu, na kwamba yeye Eliakim ni mdau muhimu sana. Jumatano alasiri njaa ikamshinda. Akashuka mpaka mtoni, akapanda ng'ambo ya pili, akafika kwa Molly. Molly, ambaye alikuwa ameshapigiwa simu, alimwekea ugali na kumtaka ajaze fomu ya maoni. Alikula. Ugali ulikuwa mzuri kweli, labda bora kuliko wa Jerusa, na aliporudi nyumbani alikuwa na njaa tena kama alivyoondoka.

Njiani humo ndipo alipomaliza kufikiri jambo alilokuwa amelikimbia miaka thelathini. Hakuna mtu duniani anayeweza kusimama mkutanoni aseme anapinga kuboreshwa. Ataonekana mwendawazimu. Basi neno ambalo huwezi kulikataa bila kuonekana mjinga halijakuuliza kitu, limeshakujibia. Alipofika kwenye jiwe la kupumzikia la Jerusa, alikaa hapo akajisikia vibaya kabisa.

Huku nyuma mambo yalikuwa yameharibika kwa njia nyingine. Mwenyekiti wa kituo, Mzee Kimutai, alikuwa amepita Jumatano asubuhi akakuta akina mama wazee wasiojua kusoma wamesimama mbele ya ukuta, akawasomea kwa sauti. Mzee Kimutai ni mtu wa heshima na Kiswahili chake kina nguvu, ila kama wengi wa kwao, "b" ikipita mdomoni mwake hutoka imekuwa "p".

"Wanasema hii kituo itaporeshwa," akatangaza.

Kogo Chelimo, bibi wa miaka themanini na kitu, mwenye masikio yake mwenyewe, akauliza: "Itaporwa?"

"Itaporeshwa, Kogo. Kila kitu."

Kogo Chelimo hakungoja maelezo zaidi. Alienda nyumbani akaleta kigoda, blanketi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akaketi chini ya mizani. Kabla ya saa sita walikuwa wazee wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na fimbo, wamezunguka mizani ya kiwanda wakiilinda isiporwe. Karani aliyekuja kupima majani alitakiwa kueleza yeye ni wa upande gani. Alisema yeye ni karani tu. Wakamwambia wezi wote wana kazi nyingine ya mchana. Ilibidi apime majani chini ya ulinzi, Kogo Chelimo ameshika mnyororo wa mizani kwa mkono wa kushoto, na kila mkulima siku hiyo alipata kilo zaidi kidogo kwa sababu ya mkono huo.

Noah aliitwa kwa simu. Alifika amekunja uso, akaeleza kwamba kumetokea kutoelewana kwa lugha, kwamba neno ni kuboresha, si kupora, na kwamba yanatofautiana kwa herufi.

"Mtachukua mizani?" Kogo Chelimo akamuuliza.

"Itahamishwa."

"Mtaturudishia?"

Noah akaangalia simu yake. Kogo Chelimo akawageukia wenzake akasema kwa Kipsigis jambo fupi, wakacheka mpaka mursik ukamwagika. Eliakim, aliyekuwa amerudi kutoka Chemaroi na kusimama nyuma, alifikiri kwamba katika kijiji kizima huyu bibi asiyejua herufi hata moja ndiye pekee aliyeusoma ukuta sawasawa.

Ijumaa mkutano ukafanyika hapohapo kituoni, wakulima wamejaa mpaka barabarani. Kiwanda kilihitaji kura hiyo, kwa sababu bila barua inayosema wakulima wamekubali, hakingeweza kuhamisha mizani. Mzee Kimutai alifungua kwa sala. Kabla ya amina kukauka, Chepngeno, mama mwenye ekari mbili na sauti ya ekari kumi, akasimama kudai swali lifutwe. Liandikwe upya: "Je, unakubali kituo chetu kiuawe?" Watu wakapiga makofi. Noah akaruka juu. Alisema huo ni uchochezi, hakuna anayeua chochote, na kwamba hao wanaopinga maendeleo wasiwapotoshe wakulima wanaopenda kusonga mbele. Wengine nao wakapiga makofi, kwa sababu walipenda kusonga mbele. Baadhi walipiga makofi mara zote mbili. Nusu saa nzima watu wazima walibishana kama kibanda cha mabati kinaweza kufa, na kama kinaweza, kizikwe wapi.

Eliakim hakuwahi kusema mkutanoni. Ila alikuwa hajala nyumbani siku tatu na njaa ilimpa ujasiri. Alisimama juu ya kikapu kilichopinduliwa.

"Hii maneno mimi ndio niliandika," akasema. "Na nilijua. Naomba msamaha."

Kisha akaeleza anavyoelewa yeye, kama fundi. Alisema kuna maneno yanakuja yamekunja ngumi na maneno yanakuja yamevaa tai, na yote mawili yanakusukuma. "Kuboresha" limevaa tai. "Kuua" limekunja ngumi. Mama Chepngeno asikasirike, lakini mizani haina roho, na neno lake linataka watu walie kabla hawajajua kilomita ni ngapi. Na hili la "wanaopinga maendeleo" ni kutaja watu jina ili wasisikilizwe, maana Noah hajasema wanapinga nini. Ukitaka kulijua neno, alisema, lipindue. Muulize mwenye neno: kinyume chake ni nini? Kama kinyume ni ujinga mtupu, hapo hamna swali. Halafu tafuta mtu ndani ya sentensi. Nani anafanya, anamfanyia nani? Usipomwona mtu, amefichwa. Halafu jiulize Jumatatu asubuhi utaona nini kwa macho.

"Sasa Jumatatu tutaona nini?" Mzee Kimutai akauliza.

Noah alikuwa ameloa jasho. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani hata yeye alikuwa amechoka kubeba maneno yale. Akakubali kusema. Kiwanda kitaacha kutuma lori Kipsolu. Wakulima watabeba majani mpaka Chemaroi. Na sababu? Sababu ni kwamba mvua ikinyesha lori hukwama kwenye mlima wa Kipsolu, majani yanakaa ndani yakipata joto na kuwa mekundu, na kiwanda kinayatupa.

Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, na hakuna aliyekuwa ameisikia kabla ya siku hiyo. Iliwashangaza watu kwamba mtu anaweza kuwa na sababu nzuri hivyo akaificha chini ya neno "kuunganishwa". Mkulima mmoja akasema hata yeye amewahi kulisukuma lile lori. Mwingine akasema basi wamwage kokoto mlimani wenyewe, siku mbili tu, kila nyumba mtu mmoja. Chepngeno alisema atatoa trekta. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo watu walikuwa wanabishana juu ya kitu kinachoweza kuguswa.

Eliakim akachukua brashi, akapaka nyeupe juu ya kijani. Walimsimamia wote, kila neno likipigwa msasa. Alitaka kuandika "kilomita nne tu", Jerusa akapaza sauti kutoka kwenye umati akiuliza "tu" ni ya nani. Akaifuta. Mwingine akataka "kilomita nne nzima". Noah akauliza "nzima" ni ya nini, na umati ukamkubalia. Hatimaye ukutani pakabaki:

KIWANDA KIACHE KUTUMA LORI KIPSOLU. WAKULIMA WAPELEKE MAJANI CHEMAROI, KILOMITA NNE. NDIYO / HAPANA.

Wakapiga kura kwa mlolongo. Waliosema ndiyo walijipanga upande wa barabara, kumi na tisa, wengi wao wakiwa na mashamba yanayotazama Chemaroi, na hakuna aliyewazomea. Hapana ilianzia kwenye mizani, ikapita ua wa Eliakim, ikaingia kwenye chai. Jerusa alikuwa amesimama katikati yake, amejiegemeza kwenye bega la Kogo Chelimo, naye Kogo amejiegemeza kwake. Mia mbili na kumi na wawili. Jerusa alilia wazi wazi.

Noah alibaki baada ya watu kutawanyika. Alimwomba Eliakim aandike matokeo ukutani, na kwa sauti ya chini akapendekeza maneno: "Baadhi ya wakulima waomba muda zaidi."

"Baadhi ni wangapi?" Eliakim akauliza.

"Ni lugha ya kawaida, mzee wangu. Ofisi itaelewa."

Eliakim akaandika: WAKULIMA 231 WALIPIGA KURA. NDIYO 19. HAPANA 212. Noah alipiga picha, kwa sababu ilikuwa kazi yake kupiga picha, akaondoka na viatu vyake ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya barabara.

Jumatatu lori lilikuja. Jerusa alibeba kikapu chake, akapumzika mara moja, akapima kilo tisa. Wiki iliyofuata wakamwaga kokoto mlimani.

Mwisho wa mwezi Eliakim akapokea barua kutoka kiwandani, yenye nembo na karatasi nzito. Kiwanda ndicho kilichokuwa kikimpa kazi kubwa kila mwaka: vituo sitini, kuta, namba za malori. Barua ilimshukuru kwa ushirikiano wa muda mrefu. Ilimweleza kwa furaha kwamba katika kupanua wigo wa watoa huduma na kutoa nafasi kwa vipaji vipya, ushirikiano huo sasa unaingia katika awamu tofauti, na ilimtakia mafanikio katika hatua zinazofuata. Mzee Kimutai, aliyeileta, aliipitia kwa macho, akampongeza na kumshika mkono. Alidhani amepandishwa cheo.

Jerusa aliichukua akaisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni.

"Inasema nini?" akamuuliza.

Eliakim alitafuta mtu ndani ya sentensi. Hakuwepo. Akaipindua, akatazama Jumatatu.

"Wamenifuta," akasema.

Iliuma, tena sana, maana ilikuwa nusu ya riziki yake na miaka ishirini na miwili ya mkono wake kwenye kuta za kiwanda. Jerusa akaikunja barua ile nzito, akamvutia kiti, na wakakaa wote wawili mlangoni. Kutoka hapo waliweza kuiona mizani ikining'inia kibandani, na wanawake wakianza kufika na vikapu.